Ngoja Hadi Tarehe Ishirini na Mbili

Habari ya kikao ililetwa na mwanamke wa kwetu aliyekuja Thika mwezi wa Novemba kumwona binti yake. Alisimama mlangoni, maana mvua ilikuwa imemlowesha na hakutaka kuchafua sakafu, akasema maneno kama alivyoyapokea kule Mumias.

"Mzee Yusuf anakusalimu. Anasema shamba la marehemu baba yenu litagawanywa siku ya Boksing Dei, baada ya sala ya Ijumaa. Anasema asiyekuwepo atakubali litakaloamuliwa."

"Mwambie nitakuwepo," Baba akasema.

Yule mama alikataa chai. Alipoondoka Baba alikaa akiitazama ile mvua. Ilikuwa mvua ya mwaka wa tisini na saba, ile iliyopewa jina la El Nino, na huku kwetu Majengo maji yalikuwa yakipita katikati ya nyumba kama yamelipa kodi.

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Tangu katikati ya mwaka nusu ya mashine zilikuwa zimefunikwa maturubai. Kila mwisho wa mwezi watu kadhaa waliitwa ofisini, na waliotoka huko hawakurudi kwenye mashine zao. Baba hakuwa ameitwa. Lakini alikuwa akisema, akivua viatu jioni, kwamba yeye hana wasiwasi, kwa sababu ana kile kipande cha chini karibu na mto, ambacho babu alimwonyesha kwa mkono wake mwenyewe. "Wakinitoa leo, kesho ninalima." Hakuna karatasi iliyoandikwa. Walikuwepo babu, Baba, na kaka yake mkubwa Yusuf, basi. Babu alikuwa amekufa. Kwa hiyo Baba asipokuwepo kwenye kikao, aliyebaki kusema babu alionyesha nini ni Baba Mkubwa Yusuf peke yake.

Mama alilijua hilo upesi kuliko sisi sote. Mama kwao ni Ngoliba, na ingawa alisilimu kabla sijazaliwa, watu wa kwao bado humwita Nyawira.

"Baba Mwanarusi," alisema, "kata tiketi kesho."

"Kesho ni Novemba! Nani hukata tiketi ya Krismasi Novemba? Kiwanda hakijasema kinafunga lini. Nikikata ya tarehe ishirini na tatu nao wafunge ishirini na nne, ile tiketi nitaipikia chai?"

Hapo alikuwa na haki. Ofisi za mabasi zilikuwa hazirudishi pesa mwezi wa Desemba. Tarehe ikikupita, imekupita. Mtu wa kiwandani hukata tiketi akiwa hajui siku yake, na anayejua siku yake mapema huwa ni yule asiye na kazi.

"Halafu," Baba akaongeza, "tuko na mtu wetu huko."

Mtu wetu alikuwa Irshad, mtoto wa Baba Mkubwa Yusuf. Alikuwa akikatisha tiketi katika ofisi moja ya mabasi ya magharibi, huko Nairobi, nyuma ya River Road. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye kucheka. Kila alipokuja kwetu alileta mkate na siagi, na alimwita Baba "Baba Mdogo" kwa sauti ya kubembeleza iliyomfanya Baba anyooshe mgongo.

*

Mimi nilikuwa nikifanya kazi Ruiru, katika duka la ushonaji la Njambi. Nilitia vifungo na kukunja pindo. Niliacha shule darasa la sita, na kazi ile ilinifaa kwa sababu mtu anaweza kuinamisha kichwa siku nzima bila kuulizwa kitu. Desemba duka hujaa. Kila mtu anataka watoto wake waonekane nyumbani.

Siku moja aliingia Barasa, mtu wa Bungoma aliyekuwa askari wa lango katika shamba la kahawa. Alikuja kuchukua kaptura za wanawe, akatoa tiketi mfukoni na kuipepea kama barua ya mapenzi.

"Njambi, tazama hapa. Tarehe ishirini na tatu, kiti cha dirishani. Nilikata wiki mbili zilizopita."

"Wewe Barasa kwani unakimbizwa na nani?" Njambi akasema. "Hiyo basi itaondoka hata kama haujalala na tiketi chini ya mto."

"Cheka tu, wewe kwenu ni hapo Witeithie, unaenda kwa miguu ukirudi na sukuma wiki. Sisi tunavuka Kenya nzima. Na mwaka huu si kama mwaka jana. Mwaka jana watu walienda kula kuku. Mwaka huu wanaenda kula kuku na kupiga kura. Kura ni tarehe ishirini na tisa, na mtu aliyejiandikisha nyumbani ni lazima aende. Hata wale ambao hawaonekanagi kwao miaka kumi, wataenda." Akanigeukia. "Mwanarusi, mzee wako amekata?"

Nilitikisa kichwa.

"Mwambie akate. Shauri yake."

Nilimwambia Baba jioni ile. Alisikiliza, akasema Barasa ni mtu wa hofu, ndiyo sababu walimpa lango alinde. Lakini Jumamosi ya kwanza ya Desemba kiwanda kilitangaza kwamba kitafunga tarehe ishirini na nne saa sita mchana. Sasa siku ilijulikana. Baba akanipa pesa za watu wawili, yeye na mimi, kwa sababu nauli ya nyumba nzima haikuwepo na Mama alisema mzee haendi kwenye kikao peke yake bila jicho la pili. Akanituma kwa Irshad.

*

Ofisi ile ilikuwa na dirisha dogo lenye vyuma, na foleni iliyotoka nje hadi kwenye matope. Nilisimama nyuma ya mama mmoja mnene aliyebeba mtoto mgongoni. Niliweza kumwona Irshad ndani, kalamu sikioni, akicheka na kila mtu.

Mama yule alipofika dirishani aliuliza kama angoje kidogo, labda bei itashuka.

Irshad alimwinamia. Nilisikia vizuri, nilikuwa nimesimama pale pale. "Mama, nakuambia kama mtoto wako. Kata leo. Bei ikipanda mwezi huu haishuki mpaka Krismasi iishe. Na tarehe ishirini na nne nimebakisha viti sita peke yake. Wiki ijayo utakuja hapa kulia."

Mama yule akakata. Akaondoka akiwa ameibana tiketi kwa meno, anafunga leso.

Nikasogea. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba! Mwanarusi! Mbona umekonda? Hawa watu wa Ruiru hawakupi chakula?" Alitoa mkono kwenye vyuma akanishika vidole. "Baba Mdogo hajambo?"

"Hajambo. Amenituma tiketi mbili. Tarehe ishirini na nne, jioni."

Nilisukuma zile pesa. Alizitazama, kisha akazirudisha upande wangu taratibu, kwa kidole kimoja.

"Rudi nazo. Mwambie Baba Mdogo asikate sasa, hii ni bei ya watu wa nje. Kampuni italeta basi za ziada, lakini leseni ya njia bado haijatoka, kwa hivyo hatujaanza kuziuza. Zikianza, viti vitakuwa vingi na bei itakuwa poa. Mimi ndiye nitauza. Nitawashikia viwili vya mbele. Njoo tarehe ishirini na mbili."

Nilitaka kumuuliza juu ya yule mama. Swali lilifika hadi kwenye meno. Nyuma yangu mwanamume akasema, "Dada, kama hununui, tuondokee," watu wakacheka, nami nikaondoka na zile pesa kifuani. Uso ulikuwa unawaka.

Nyumbani nilisema yote. Nilisema polepole, kama kawaida yangu, lakini niliyasema: kwamba mwingine aliambiwa kata leo, na mimi nikaambiwa ngoja.

Baba akacheka hadi akapiga goti. "Sasa hiyo ndiyo faida ya damu! Yule ni mteja. Mteja huambiwa nunua ili anunue. Wewe ni dada yake, amekuambia siri ya duka."

"Na alisema vimebaki viti sita," nikasema.

"Husema hivyo kwa kila mtu."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Baba yake anaitaka ile ardhi ya mto," alisema.

"Nyawira!"

"Mimi nimesema tu. Kiti ambacho uko nacho ni kile umelipia. Kile unashikiwa ni cha yule amekishika."

"Kwenu Ngoliba hamwaminiani hata ndugu wa tumbo moja?"

"Kwetu Ngoliba tunaaminiana sana," Mama akasema. "Baada ya kukata tiketi."

Baba alikasirika. Alisema mtoto aliyemlea mgongoni, mtoto wa kaka yake, haendi kumfanyia hila. Alisema tukikata tiketi kwa ofisi nyingine habari zitamfikia Irshad, kisha zimfikie Yusuf, na yeye ataingia kwenye kikao akiwa tayari amewatukana. Hapo Mama alirudi kwenye mchele wake, maana ni kweli. Kwetu, kumpita ndugu aliye dirishani ukanunue kwa mgeni ni kama kula hotelini karibu na nyumba ya shemeji. Kwa sababu hiyo pesa zilirudi ndani ya godoro, na sisi tukangoja.

Siku zile zilikuwa ndefu. Redio ilisema mito imejaa. Dukani kwa Njambi, kila aliyekuja kuchukua nguo alikuwa na tiketi yake au alikuwa analalamika juu ya bei ya tiketi. Bei ilipanda, ikapanda tena. Nilipomwambia Baba, alisema, "Ndiyo, hizo ni za kawaida. Za ziada bado." Lakini niliona ameacha kucheka. Jioni alikuwa akitoka kwenda kusimama kando ya barabara. Magari yaliyopita yalikuwa na magodoro na kuku juu ya paa, na yeye aliyatazama tu, mikono nyuma.

*

Jumatatu tarehe ishirini na mbili niliwahi treni ya asubuhi. Foleni ilikuwa fupi, na hilo lilinitisha. Ofisi ambayo ina kitu cha kuuza haina foleni fupi Desemba.

Dirishani palikuwa na mtu mwingine, Mkamba mmoja wa makamo, Makau. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma.

"Namtafuta Irshad."

"Irshad alienda kwao. Ijumaa."

"Alisema nije leo. Alitushikia viti viwili. Jina ni la baba yangu, Tahir."

Makau aliacha kutafuna. Akatazama daftari la viti, akageuza ukurasa, akatazama tena. "Hakuna Tahir hapa, msichana."

"Vya basi za ziada."

"Za ziada tulianza kuuza Jumatano. Kufikia Alhamisi jioni ziliisha. Watu walikuwa wanalala hapa nje." Alinitazama usoni, kisha akatazama mahindi yake. "Alikuwa hapa yeye mwenyewe, aliuza zote kwa mkono wake. Labda alisahau."

"Kuna nafasi lini?"

"Tarehe ishirini na saba, usiku. Na bei ni mara mbili."

Tarehe ishirini na saba. Kikao kilikuwa ishirini na sita.

Nilikwenda ofisi nyingine, na nyingine. Nilikwenda hadi stesheni ya reli, na huko waliniambia vitanda viliisha zamani, na behewa la daraja la tatu halina nafasi ya kuwekewa, ni kugombania mlangoni. Kwenye kituo kikuu cha mabasi makanga mmoja aliniuzia kiti kwa bei ya kutisha. Kabla sijatoa pesa mzee mmoja akanivuta kando, akaninong'oneza kwamba kiti hicho hicho ameuziwa yeye pia na yule pale.

Jioni Baba alinisikiliza akiwa amesimama. Nilitazamia akasirike. Alisema tu, "Amesahau. Kijana ana kazi nyingi." Akakaa. Baada ya muda akasema tena, "Amesahau," na sauti yake haikuwa ya mtu anayeniambia mimi.

Mama alianza kutufungia nguo. Hilo lilikuwa baya kuliko kama angelaumu.

*

Tarehe ishirini na nne kiwanda kilipofunga tulikwenda kusimama kwenye kituo Nairobi, tukitumaini mtu atakosa kuja na kiti chake kibaki. Hutokea, miaka mingine. Mwaka ule kila aliyekata alikuja. Walikuja na watoto, na masufuria, na kadi za kura shingoni ndani ya vipochi vya plastiki. Barasa alikuwa amekwishafika kwake tangu asubuhi ile. Nilimfikiria akiwa amekaa kwao na wanawe katika kaptura nilizozitia vifungo.

Asubuhi ya Krismasi Baba aliamua tuende vipande vipande. Tulipata gari la Nakuru. Hapo ndipo tulipoelewa kosa la pili: basi linalotoka Nairobi kwenda magharibi wakati huo hujaa kabisa, na Nakuru hakuna anayeshuka. Tulisimama kando ya barabara siku nzima ndani ya mvua, tukiinua mikono, na mabasi yakatupita moja baada ya jingine, vioo vimefunga ukungu wa pumzi za watu. Magari madogo hayakuwepo. Madereva nao wana nyumba, nao walikuwa wanakula Krismasi.

"Irshad angejua tumekwama hapa angesikitika," Baba alisema.

Nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipokuwa mdogo. Mkono ulikuwa baridi.

Boksing Dei adhuhuri tulikuwa bado kwenye msikiti wa Nakuru. Imamu aliposoma hotuba ya Ijumaa Baba alikuwa safu ya mbele, na mimi upande wa wanawake nilijua anachohesabu. Huko Mumias nao walikuwa wakisali. Wangetoka, wangevaa viatu, wangeenda shambani.

Baada ya sala mtu mmoja alituonea huruma, akatupakia kwenye lori la kabichi linaloenda Kisumu.

*

Tuliingia Mumias Jumamosi asubuhi, tukiwa tunanuka kabichi. Baba hakupitia nyumbani. Alishuka moja kwa moja hadi mtoni, nami nyuma yake.

Kipande cha chini kilikuwa kimelimwa. Mistari ya mbegu za miwa ilikuwa imefukiwa tayari, na kando yake walikuwa wamepanda ua, vijiti vibichi vilivyonyooka kutoka mtoni hadi kwenye njia. Udongo wa kwenye mashina ulikuwa bado na alama za nyayo. Watu hawapandi ua namna ile kwa jioni moja. Vijiti vilikatwa mapema, vikangoja mahali.

Upande wa juu wa njia, kwenye mawe ambako babu alikuwa akifunga mbuzi, walikuwa wamesimika vigingi vinne. Ndani yake hamkuwa na kitu.

"Mdogo wangu!" Baba Mkubwa Yusuf alikuwa anateremka, kanzu nyeupe, mikono wazi. "Alhamdulillahi mmefika salama! Tuliwangoja, tukawangoja. Wazee wakasema jua linazama. Lakini hatukukusahau, tumekupa pale juu. Panapita barabara, ni pazuri kwa duka."

"Marehemu baba alinionyesha hapa," Baba akasema.

"Alikuonyesha?" Baba Mkubwa akamtazama kwa upole mkubwa. "Mbona jana hakuna aliyesema hivyo?"

Irshad alikuja nyuma ya baba yake. Alinisalimu kwanza mimi, akasema nimekonda zaidi. Kisha akamkumbatia Baba.

"Baba Mdogo, nisamehe. Niliitwa nyumbani ghafla, sikupata njia ya kuwaambia. Nimeumia sana." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa tiketi mbili. "Lakini za kurudi sikusahau. Wewe unapiga kura Thika, sivyo? Kura ni keshokutwa, lazima uwahi. Hizi ni za leo jioni. Niliwakatia mapema, kabla bei haijapanda. Viti namba moja na mbili, mbele kabisa."

Baba alizipokea. Alizishika kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa heshima.

Mimi nilikuwa nimekaa Nakuru siku nzima nikitazama barabara. Niliona mabasi yaliyokuwa yakirudi Nairobi kuchukua wengine. Yalipita matupu, dereva na makanga tu, viti vyote wazi. Wiki ile hakuna mtu duniani aliyehitaji kukata mapema tiketi ya kutoka Mumias kwenda Nairobi.

"Kaka," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, wote watatu wakageuka. "Za kurudi zilikuwa zimejaa?"

Irshad alicheka. Alicheka vizuri, kama pale dirishani. "Wewe nawe umeanza kuongea lini?"

Baba hakunitazama. Alikuwa anasoma ile tiketi, midomo inacheza, jina lake, namba ya kiti, saa ya kuondoka. Akamaliza, akaanza tena juu.

"Twendeni nyumbani mle," Baba Mkubwa akasema. "Mbuzi wa jana amebaki."

Uani wazee wawili walikuwa bado wanakula, wakaitikia salamu ya Baba bila kuinua macho. Mke wa Baba Mkubwa alitoka jikoni. Niliona sahani zimepangwa kwenye mkeka, nikazihesabu bila kutaka: zetu mbili hazikuwepo. Kisha akanikabidhi furushi la karatasi lenye joto chini, limefungwa kwa kamba ya katani, mafundo mawili.

"Yenu ni hii," alisema. "Nimewafungia ya njiani."